Barua ya wazi: Msamaha wa VAT ukifika kaunta ya Kigoma, muuzaji auhakiki vipi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
na Ndugu Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Waheshimiwa,

Sisi ni wauzaji wa vifaa vya ujenzi na watunza hesabu wa maduka hayo, kuanzia Mwanga na Ujiji hadi Kasulu na Kibondo. Wateja wetu wakubwa si watu wanaojenga nyumba zao. Ni miradi ya maji, barabara na reli, ni halmashauri zinazojenga madarasa, na ni mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi. Kwa hiyo neno tunalolisikia kaunta kuliko mengine yote ni hili: "Sisi hatulipi VAT, tuna cheti."

Wakati mwingine ni kweli, na mara nyingi si kweli. Muuzaji ana dakika chache za kuamua, fuso iko nje na vijana wameshaanza kupakia. Akikosea, kodi itadaiwa kwake na si kwa mnunuzi. Tunaandika kuwaonyesha ukaguzi huo unavyofanyika sasa na mahali unapokwama, kisha tuwaombe mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wenu.

Tuanze na cheti kinachosumbua bila sababu, nacho ni cheti cha usajili wa VAT. Mkandarasi anatoa nakala ya cheti chenye VRN yake, yaani namba ya usajili wa VAT, zile tarakimu zinazoishia na herufi, anataka auziwe bila kodi kwa kuwa "amesajiliwa". Kusajiliwa hakumwondolei mnunuzi kodi hata shilingi moja. Kunampa haki ya kudai ile kodi ya manunuzi kwenye ritani yake, basi. Muuzaji anapaswa kumtoza asilimia 18, kisha aingize TIN na VRN yake kwenye mashine ya EFD ili risiti imsaidie kudai. Tangu Julai 2023 kiwango cha lazima cha kujisajili ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12, kutoka milioni 100, na tunaona baadhi ya wafanyabiashara wadogo wametoka kwenye usajili huku cheti cha zamani kingali ukutani. Cheti hakijiandiki chenyewe kwamba kimefutwa. Anayenunua kwa mtu wa namna hiyo aangalie risiti: muuzaji aliyesajiliwa hutoa risiti yenye VRN na kiasi cha kodi, na risiti hiyo ikiingizwa kwenye verify.tra.go.tz inaonekana ilivyo. Risiti isipoonekana huko, au ikionekana kwa kiasi kingine, kodi hiyo haidaiki.

Kundi la pili ni wanaosema tu walivyo. "Sisi ni NGO." "Hii ni ya serikali." Mwalimu mkuu anayejenga madarasa kwa fosi akaunti anakuja na barua ya halmashauri yenye mhuri, na kwa nia njema kabisa anaamini shule ya serikali hailipi kodi. Serikali inaponunua saruji inalipa VAT kama wanunuzi wengine, na shirika lisilo la kiserikali halipati msamaha kwa sababu tu ni shirika. Msamaha wa mradi unatoka kifungu cha 6 cha Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, pale Waziri anapotoa amri na kuichapisha kwenye Gazeti la Serikali. Amri hiyo inataja bidhaa au huduma zilizosamehewa, siku msamaha unapoanza na siku unapokwisha. Barua ya mkurugenzi, ya mhandisi wa mradi au ya ofisi ya shirika kule Dar es Salaam haiwezi kushika nafasi ya Tangazo la Serikali hata ikiwa na mihuri mitatu.

Hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza, kwa sababu hata tangazo likiwa halali kabisa, wanunuzi wengi, na tuseme wazi, wauzaji wengi pia, huichukulia bidhaa iliyosamehewa na bidhaa ya asilimia sifuri kuwa kitu kimoja. Kwa macho ya mnunuzi ni sawa, maana risiti zote mbili hazina kodi. Kwa muuzaji tofauti yake inaweza kumfungia duka. Chukueni mfano wa mifuko 1,000 ya saruji, kwa bei ambazo tumeziweka ziwe rahisi kuhesabika. Muuzaji ameinunua na kuifikisha dukani kwa shilingi 17,000 kwa mfuko kabla ya kodi, akalipa VAT 3,060, jumla 20,060. Anauza 19,000 kabla ya kodi. Ile tofauti ya 2,000 ndiyo inayolipa pango, wabebaji, umeme na faida.

Kwa mteja wa kawaida wa asilimia 18 anatoza 22,420 kwa mfuko. Kwa mifuko 1,000 amekusanya kodi ya mauzo 3,420,000, anatoa kodi ya manunuzi 3,060,000, anapeleka TRA 360,000. Kwake zinabaki milioni mbili. Mauzo hayo yangekuwa ya asilimia sifuri, angepokea milioni 19 bila kodi, na ile 3,060,000 angeidai yote, kwa hiyo milioni mbili zake zingebaki pale pale, ingawa angesubiri fedha za marejesho. Mauzo yakiwa ya msamaha, anapokea milioni 19 zile zile lakini kodi ya manunuzi haidai, kwa sababu aliilipa kwa ajili ya bidhaa iliyouzwa kwa msamaha. Mzigo uliomgharimu 20,060,000 ameuuza 19,000,000. Amepata hasara ya 1,060,000, na karatasi zake zote ziko sawa.

Muuzaji anayejua hesabu hii haondoi 3,420 kwenye mfuko. Anapandisha bei ya msingi hadi 22,060 ili abaki na 2,000 yake. Ofisa ununuzi wa mradi akiona hivyo anakasirika, anasema duka linamuibia msamaha. Lakini haibiwi: msamaha ukitolewa kwenye duka la mwisho, unachoondoa ni VAT ya ile tofauti ya 2,000 ya duka hilo tu, yaani shilingi 360 kwa mfuko. Kodi iliyolipwa huko nyuma, tangu kiwandani, imeshazama ndani ya bei. Mradi unaotaka kufaidi msamaha kweli unapaswa kununua karibu kadiri iwezekanavyo na kiwandani au kuagiza wenyewe, maana duka la Kasulu ni mkono wa tatu au wa nne. Hili tunaomba liandikwe kwa Kiswahili chepesi kwenye maelekezo yanayoambatana na kila msamaha, kwa sababu mabishano ya bei yanayotokana nalo ndiyo yanayowasukuma baadhi ya wauzaji kufanya kosa: wanauza kwa msamaha huku wakiendelea kudai kodi ya manunuzi kana kwamba ni sifuri. Kwenye ritani hazionekani tofauti mpaka mkaguzi afungue ankara za manunuzi.

Ukaguzi wa msamaha wenyewe tunaufanya hivi. Kwanza tunaomba namba ya Tangazo la Serikali na nakala yake nzima, si ukurasa wa kwanza pekee, kwa sababu orodha ya vifaa huwa nyuma. Tunasoma nani ametajwa. Hapa wengi huanguka: tangazo linamtaja mkandarasi mkuu, aliyesimama kaunta ni mkandarasi mdogo aliyepewa kazi ya makalavati, naye hajatajwa popote. Kazi ni ya mradi kweli, saruji itaingia kwenye mradi kweli, lakini anayenunua si yule aliyesamehewa. Dawa yake ni oda itoke kwa aliyetajwa, risiti iandikwe kwa jina na TIN yake, na malipo yatoke akaunti yake. Jina la kwenye tangazo, la kwenye oda, la kwenye risiti na la kwenye muamala wa benki yakiwa manne tofauti, hiyo si biashara ya msamaha. Hata mawili yakitofautiana tunasimamisha mzigo kwanza.

Kisha tunalinganisha bidhaa. Orodha ikisema nondo za milimita 12 na 16, waya wa kufungia haumo hata kama nondo haifungwi bila waya. Muuzaji anatoa risiti moja yenye mistari ya aina mbili, nondo kwa msamaha na waya kwa asilimia 18. Mashine ya EFD inaruhusu hilo endapo bidhaa zimepangwa vizuri: herufi A ni ya asilimia 18, C ni ya sifuri na E ni ya msamaha. Shida ni kwamba fundi aliyefunga mashine duka lilipofunguliwa aliingiza saruji mara moja, kwenye A. Karani asiyejua kubadili anafanya mojawapo ya mawili: anatoa risiti yenye kodi kisha anapunguza bei kwa mkono, au anachagua C kwa kuwa inaonekana haina kodi. Kwa njia ya kwanza muuzaji ametangaza kodi ambayo hakuipokea. Kwa njia ya pili ametangaza sifuri kwa mauzo ya msamaha. Ripoti ya Z, ile ya kufunga mauzo ya siku, ikishatoka jioni, taarifa imekwenda TRA, na kurekebisha kunataka hati ya kupunguza ankara pamoja na maelezo ya maandishi. Ni nafuu bidhaa ya mradi iwekwe kwenye mashine mapema kama kitu cha pekee, kwa mfano "SARUJI MSAMAHA", ili karani asichague herufi kwa kubahatisha.

Jambo la tatu ni tarehe, nalo ndilo linalowaponza hata watu makini. Kodi inafungwa na tukio linalotangulia kati ya matatu: ankara kutolewa, fedha kupokewa, au bidhaa kukabidhiwa. Tarehe ya oda haihesabiki. Tuseme msamaha unaanza tarehe 1 Agosti. Tarehe 15 Julai mradi unalipa mifuko 600 kwa 19,000, jumla 11,400,000, ili ushike bei kabla haijapanda. Saruji inachukuliwa tarehe 5 Agosti na risiti inatolewa siku hiyo kwa msamaha. Mkaguzi akifungua taarifa ya benki ataona fedha ziliingia Julai, msamaha haujazaliwa, na kodi ya 1,738,983, yaani 18 ya 118 ya fedha hizo, inadaiwa. Upande wa mwisho ni vilevile: oda ya tarehe 20 Juni kwa msamaha unaokwisha 30 Juni, gari limecheleweshwa na mvua, mzigo, ankara na malipo vikafanyika tarehe 3 Julai. Mnunuzi ataonyesha oda yake na kusema alikuwa ndani ya muda. Hakuwa ndani ya muda.

Hayo yote muuzaji mwangalifu anayaweza akiwa na nakala mkononi. Kuna moja asiloliweza kwa njia yoyote, nalo ndilo kiini cha barua hii: kujua msamaha umebaki kiasi gani.

Chukueni mradi wa maji ambao orodha yake inataja mifuko 3,000 ya saruji. Ofisa ununuzi anatengeneza nakala za tangazo. Wiki hii ananunua mifuko 1,500 Kigoma mjini, mwezi ujao 1,500 Kasulu, kisha 1,500 Kibondo. Kila duka limesoma tangazo, limelinganisha majina, limeangalia tarehe, limetunza nakala kwenye faili. Kila duka liko chini ya 3,000. Kwa pamoja wameuza 4,500. Mifuko 1,500 haina msamaha, na hakuna duka linaloweza kusema ni ya nani, kwa kuwa karatasi haina kumbukumbu ya kilichochukuliwa kwingine. Huenda mradi ulikosea hesabu, huenda mifuko ile inauzwa mtaani. Sheria inarudisha kodi pale bidhaa iliyosamehewa inapokwenda kwa asiyestahili, lakini mkandarasi hukunja kambi na kuhama mkoa, duka hubaki palepale na namba yake ya nyumba. Mkaguzi anaanza na aliyepo.

Na deni likishukia duka linakuja kwa hesabu mbaya. Bei iliyopokewa inachukuliwa kuwa kodi imo ndani, kwa hiyo kodi ni 18 ya 118 ya fedha yote. Kwenye ile mifuko 1,000 iliyouzwa kwa milioni 19, kodi ni 2,898,305. Hata akiruhusiwa kudai kodi yake ya manunuzi, muuzaji amebaki na 16,101,695 kwa mzigo wa milioni 17, na riba bado haijahesabiwa. Kumrudia mnunuzi kudai nyongeza ni kazi bure, mkataba wake ulishafungwa na akaunti ya mradi imefungwa.

Kwa hiyo tunaomba kwanza kila msamaha wa kifungu cha 6 uwe na ukurasa wake mtandaoni unaofunguka kwa namba ya tangazo na TIN ya aliyesamehewa, bila muuzaji kuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Uonyeshe mradi, bidhaa, siku ya kuanza na kukoma, na salio. Salio lipunguzwe wakati wa kuuza: mnunuzi aingie kwenye akaunti yake, ataje TIN ya duka, bidhaa na idadi, apate namba ya kibali ya ununuzi huo mmoja, na karani aiingize kwenye EFD kabla mstari wa E haujakubaliwa. Kibali kikishatumika kife. Nakala za fotokopi hazitakuwa na thamani tena, na ofisi zenu zitajua mradi umetumia msamaha kiasi gani bila kutuma mkaguzi Kibondo. Mtandao ukikatika, na huku unakatika, kibali kiwe kinaweza kuhakikiwa kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza namba.

Pili, muuzaji aliyehakiki siku ya mauzo na kutunza uthibitisho huo kwa ile miaka mitano ambayo tayari anawajibika kutunza kumbukumbu, asidaiwe kodi ikija kubainika kwamba mnunuzi alidanganya au amezidisha. Adaiwe aliyefaidi. Hatuombi kinga kwa asiyehakiki; aliyeuza kwa barua ya mhuri bila tangazo alipe.

Tatu, mtazame upya kodi ya manunuzi kwenye misamaha ya miradi. Ikiwa nia ya Serikali ni mradi usibebe kodi, basi mauzo kwa mradi wenye kibali yahesabiwe kwa asilimia sifuri, ili duka lidai kodi yake na bei ishuke kwa 3,420 badala ya 360. Tunajua hofu iliyopo, kwamba marejesho yatakuwa mlango wa udanganyifu. Kwa karatasi hofu hiyo ni ya haki kabisa, na sisi wenyewe tusingeshauri. Kwa kibali kimoja kimoja chenye salio, kila shilingi inayodaiwa itakuwa na namba yake, na jambo hili ndilo linalofanya ombi la kwanza litangulie.

Kuhusu mauzo ya nje tuna neno fupi. Mfanyabiashara kutoka Kongo au Burundi ananunua mabati kaunta, anasema yanavuka ziwa kutoka Kibirizi, anaomba asilimia sifuri papo hapo. Pasipoti yake na cheti cha kodi cha kwao si ushahidi wa bidhaa kutoka nchini. Ushahidi ni nyaraka za forodha zenye jina la muuzaji kama msafirishaji, bidhaa zile zile, idadi ile ile, na uthibitisho kwamba zimetoka. Duka lisiloweza kusimamia hayo litoze 18. Ombi letu hapa ni dogo: bango la Kiswahili na Kifaransa pale bandarini na mialoni linaloeleza hivyo, maana mteja haamini anapoambiwa na mwenye duka, anadhani kodi ile inaingia mfukoni mwake.

Tuko tayari kukaa na wataalamu wenu na kuwapitisha kwenye ankara za mfano mstari kwa mstari. Tarehe yoyote inafaa isipokuwa kati ya 15 na 20 ya mwezi, siku za kufunga ritani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wauzaji wa vifaa vya ujenzi na watunza hesabu,
Mkoa wa Kigoma.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Meneja wa TRA Mkoa wa Kigoma, Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mkoa, pamoja na ombi kwamba wawasomee walimu wakuu aya ya fosi akaunti.